Rudisha Asipojibu

Mie kusahau si kazi yangu. Neno hilo nimelisema mbele ya wateja miaka kumi na moja, tena kwa majigambo, na walioniamini hawakukosea, kwa sababu lilikuwa kweli.

Ofisi yangu iko huku Arabuni, mtaa wa Hamriya, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Tunashughulika na karatasi za watu: viza, vitambulisho, mikataba ya nyumba, vyeti vya kupigwa mihuri. Watu wanadhani kazi yetu ni kuchapa. Kuchapa ni robo saa. Kazi yenyewe ni kumngoja huyu asaini, yule athibitishe, wa tatu arudi safari, na kumkumbusha kila mmoja bila ya kumkera. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Karatasi ikishatoka mkononi mwako ikakaa kwa mtu, wewe unapokea nyengine na nyengine, na ile ya kwanza huioni tena mpaka mwenyewe aje kulia mlangoni.

Zamani nilikuwa na daftari. Kisha Maha, mtoto wa dada yangu anayeniita Khalti, mwenye meza ya pili, akaniwekea programu kwenye kompyuta, imeungana na WhatsApp ya ofisi. Nikaipenda, sisemi uongo. Unamtumia mtu ujumbe, halafu unachagua siku: tatu, saba, kumi na nne, upendavyo. Ujumbe unaondoka mbele ya macho yako. Siku ikifika, unaukuta asubuhi juu kabisa ya orodha, unakwambia fulani bado. Tena una namna mbili za kuchagua. Ya kwanza ni rudisha kwa vyovyote. Ya pili ni rudisha asipojibu: mtu akishajibu, ukumbusho unajifuta wenyewe, na jawabu lake linakaa pamoja na ujumbe mwengine ulioingia, ulisome wewe.

Mie nilikuwa natumia hiyo ya pili kwa kila mtu, na nilikuwa na sababu. Siku moja nilimkumbusha bwana mmoja jambo alilokwisha kulijibu juzi yake, akanipigia simu akaniuliza kama namwona yeye mtoto mdogo. Niliona haya. Toka siku hiyo nikasema, aliyejibu simrudii.

Nahashon alikuja mwezi wa Septemba, joto halijapungua. Ni Mkenya, fundi wa viyoyozi, mtu mrefu anayekaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa akilala chumba kimoja na wenzake watano huko Wadi Kabir, sasa amepanga nyumba ndogo Darsait ili amlete mkewe.

"Mke wangu anaitwa Wambui," akasema. "Yuko na mimba ya wiki ishirini na tisa. Nataka azalie hapa, nikiwa karibu."

"Ndege hazimchukui mwenye mimba kubwa," nikamwambia. "Wiki ya thelathini na sita basi, na kabla ya hapo wanataka barua ya daktari."

"Najua, mama. Nimeuliza." Akaitazama mikono yake. "Wa kwanza alizaliwa nikiwa hapa, juu ya ngazi, natengeneza AC ya watu. Hakuishi. Nilimzika kwa video. Mjomba wangu alishika simu, lakini mkono ulikuwa unamtetemeka, sikuona vizuri."

Maha aliacha kuchapa. Mie nikajitia kutafuta kalamu. Nna watoto wanne, wote walizaliwa baba yao yuko nje ya mlango anasumbua wauguzi, na nilikuwa nikimcheka kwa hilo.

"Atakuja," nikamwambia. "Karatasi zako zote ziko sawa. Kilichobaki ni mkataba wa nyumba usajiliwe baladia, kwenye manispaa, na hapo anayehitajika ni mwenye nyumba aingie kwenye simu yake aukubali. Nani mwenye nyumba?"

"Mzee Harub."

Nikacheka. Ami Harub alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Walitoka Unguja pamoja, wakajenga huku, na mpaka leo ananiita mwanangu. Nikaona kazi imekwisha.

"Basi wewe nenda kazini kwako," nikamwambia Nahashon. "Na usinipigie. Watu wangu wakinipigia kila siku sifanyi kazi. Jambo likiwa tayari, nitakupigia mie."

"Sawa, mama."

Siku ile ile, Jumatatu, nikamtumia Ami Harub ujumbe: mkataba wa Nahashon uko tayari, tafadhali ingia uukubali, kijana anamngoja mkewe. Nikachagua siku saba. Nikachagua rudisha asipojibu. Nikaendelea na mambo mengine.

Sasa niwaeleze Ijumaa zetu, kwa asiyezijua. Ijumaa asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, kila mtu wa kwetu anamtumia kila mtu anayemjua picha ya Jumaa Mubarak. Waridi, misikiti, vikombe vya kahawa, njiwa. Watu wazima hawatafuti jina lako. Wanafungua ujumbe wa mwisho uliowaandikia, wanaitia picha hapo hapo. Ofisi yetu inafungwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo Jumapili nikifika nakuta salamu themanini, tisini. Nna picha yangu moja ya njiwa. Nachagua majina yote, nawarudishia njiwa kwa mpigo mmoja, nafunga ukurasa. Dakika tatu. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo pia.

Wiki zikapita. Asubuhi nafungua orodha, nawapigia waliorudi juu, nawasukuma. Nahashon hakupiga simu hata mara moja, na mie sikumkumbuka hata mara moja. Nnasema wazi. Kwangu kisichorudi juu kilikuwa hakipo.

Akaja mwenyewe baada ya wiki nne, na begi lake la vyuma begani.

"Nilikuwa hapa chini kwenye duka la vitambaa, AC yao inavuja," akasema. "Nikasema nipande tu nikusalimie, mama."

Nikaelewa kilichomleta, nikampenda kwa adabu yake. Nikamkaribisha, nikasema ngoja nikuonyeshe lilipofika jambo lako. Nikafungua orodha ya tunaowangojea. Nikashuka mpaka chini, nikapanda tena. Jina lake halimo.

"Maha," nikasema polepole, "hebu nitafutie mkataba wa Ami Harub."

Maha akatafuta. Akageuza kioo cha kompyuta kwangu tu, si kwa mgeni, na sauti yake ikashuka. "Khalti, ukumbusho umejifuta. Siku ya nne tu. Alijibu."

"Alijibu nini?"

Akanionyesha. Waridi jekundu na kikombe cha kahawa, Jumaa Mubarak. Chini yake njiwa wangu. Ijumaa iliyofuata waridi, njiwa. Ijumaa ya tatu waridi, njiwa. Ya nne waridi, njiwa. Mkataba haujakubaliwa.

Programu haikukosea. Niliiambia mtu akijibu usinirudishie, na mtu alijibu. Haijui salamu na jawabu. Mie ndiye ninayejua, na mie sikusoma.

Nahashon alikuwa akinitazama. Hapo nikafanya jambo ninalolionea haya kuliko lile la kusahau. Nikamwambia, "Mwenye nyumba kachelewa. Wazee hawa, unajua. Leo nakwenda kwake mwenyewe."

"Mzee ni mtu mzuri," akasema. "Labda ni mgonjwa. Wambui sasa ni wiki thelathini na tatu."

"Najua," nikasema. Sikuwa nikijua.

Baada ya sala ya alasiri nikapanda gari, nikashika barabara ya mlimani kwenda Amerat anakokaa Ami Harub. Njia nzima nilikuwa nikimpangia maneno. Mtu mzima ana simu mkononi, ana muda wa kutuma mawaridi, hana muda wa kubonyeza kitu kimoja. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu sikutaka kuwa nayo na nafsi yangu.

Akanipokea barazani, kavaa kofia yake, kafurahi kupita kiasi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanitilia kahawa kwa mkono wake. Tukaulizana hali za watoto na wajukuu. Nikashindwa kungoja zaidi.

"Ami, nimekuja kwa mkataba wa yule kijana wa Darsait. Nilikutumia ujumbe siku nyingi."

Akaweka kikombe chini. "Nimeuona. Nimeuona siku ile ile."

"Basi kimezuia nini?"

Akaivua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema, "Ile namba ya siri, mwanangu. Wanataka tarakimu sita. Namba hiyo nnaitumia miaka mitano, naiandika bila ya kuangalia. Siku ile nikakaa hapa hapa, nikaishika simu, namba haiji. Nikajaribu moja, si yenyewe. Nikajaribu nyengine. Ya tatu, ikafunga."

"Ami, hilo ni jambo dogo. Unakwenda na kitambulisho chako kwenye ile mashine ya serikali, unaweka namba mpya."

"Na nani? Nikimwambia Thani ataniuliza kwa nini imefunga." Thani ni mwanawe mkubwa, mtu mwema, lakini ana amri. "Mwezi uliopita nilipotea njia ya kurudi kutoka msikitini. Akanambia Baba, ikitokea tena, nitachukua funguo za gari. Sasa nimwambie nimesahau na namba?"

Hasira yote niliyopanda nayo mlima ikaniishia.

"Ungenambia mie," nikasema.

"Nilikuja kukwambia." Akaichukua simu yake, akanionyesha. "Ijumaa nne. Nilisema, nikimsalimu Nasriya, naye ataniuliza hali. Mtu akikusalimu si unamuuliza hali? Ukiniuliza Ami hujambo, hapo ningekwambia sijambo ila namba hii imenishinda. Jambo kama hilo siwezi kulianza mimi. Nikangoja uniulize." Akatabasamu, si kwa lawama. "Ukanirudishia njiwa."

Nililia, wallahi, mbele ya rafiki wa baba yangu, na mie mtu wa miaka hamsini na mbili. Akanipa kitambaa chake, akanambia basi, basi, njiwa mwenyewe mzuri. Hapo nikacheka na kulia pamoja.

Asubuhi yake nikampitia. Tukaenda kwenye mashine, akatia kitambulisho, akaweka kidole, na alipofika kwenye namba mpya nikageuka nikatazama ukutani. Alichagua polepole. Tukarudi garini, akaingia kwenye simu, akaukubali mkataba mwenyewe. Haikuchukua dakika mbili. Nikamwomba jambo moja: amwambie Thani, kabla ya Thani kuambiwa na mtu mwengine. Akasema atafikiri.

Mchana ule maombi ya viza ya Wambui yakaingizwa. Kisha nikamtoa Maha nje, nikafunga mlango, nikampigia Nahashon.

"Mkataba umekubaliwa," nikamwambia. "Lakini jana nilikudanganya. Hakuchelewa mzee. Nimechelewa mie. Alinitumia salamu, nikaihesabu jawabu, nikalifunga jambo lako nisilitazame wiki nne."

Nilisikia mashine zikiunguruma alipokuwa. Akasogea pahala pa kimya.

"Mama," akasema, "wiki ya pili nilishika simu nikupigie. Nikatoa namba yako kabisa. Halafu nikakumbuka ulisema nisipige, nikaogopa nitakuudhi uache kazi yangu."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepumua. Nikamwambia kuanzia leo anipigie akitaka, usiku, mchana, hata kama hana la kusema.

Jambo la viza nikaliwekea siku mbili, kwa vyovyote. Likarudi, nikawapigia watu wa viza, nikaliweka tena siku mbili. Maha akasema Khalti wanachoka na wewe, nikamwambia wachoke. Siku ya kumi na nne, Jumatano asubuhi, viza ikatoka. Wambui alikuwa na wiki thelathini na tano. Nahashon alikuja mwenyewe kuichukua, akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, akampigia mkewe pale pale akamwambia nenda kwa daktari leo, chukua barua, nakata tiketi ya Ijumaa.

Wambui alipiga kama saa nne na nusu za asubuhi ile ile. Nahashon alikuwa bado ofisini, tumemwagizia chai, anamweleza Maha namna ya kusafisha chujio la kiyoyozi chetu. Akasikiliza. Akasema sawa, akasema sawa tena, akaiweka simu mapajani.

"Presha imepanda," akasema. "Daktari amekataa kuandika. Anasema hapandi ndege, si wiki hii, si mpaka ajifungue. Anasema angekuja wiki tatu zilizopita, angepanda bila shida."

Ilikuwa hivyo basi. Wiki tatu zilizopita. Sikuhitaji mtu anihesabie.

Nahashon akaikunja viza mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Sawa," akasema. "Itakuwa kama ile ya kwanza. Mungu tu ndiye anajua."

"Haitokuwa," nikasema. "Ukipewa ruhusa ya kazini, unakwenda wewe kwake?"

"Nilipeleka barua ya ruhusa mwezi uliopita, mapema, ikihitajika. Meneja, Bwana Hatem, alisema inshallah."

"Alisema lini?"

"Tarehe tatu."

"Na tangu hapo?"

"Nangoja, mama."

Maha alikwisha kufungua programu, mkono juu ya kipanya. "Niiweke siku ngapi, Khalti?"

"Usiiweke," nikamwambia. Nikavaa buibui langu, nikamwambia Nahashon anyanyuke.

Kampuni yake iko nyuma ya maduka ya vipuri. Bwana Hatem hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simu tatu mezani na watu kibao wanaomngoja. Nikamsalimu, nikamuuliza hali, nikamuuliza watoto, nikangoja majibu yote, kweli nikayasikiliza. Mwanawe wa mwisho alikuwa na homa. Tukalizungumza hilo la homa. Kisha nikamweleza la Nahashon, yote, na la kosa langu nikalitia ndani, sikulificha.

"Inshallah, ukhti," akasema. "Acha namba yako, nitakujibu kesho."

"Sina haraka," nikamwambia. "Nitakungojea hapa."

Nikakaa. Akapokea simu, akapiga simu, akaingia mtu, akatoka mtu. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikasali chumba cha pembeni, nikarudi kwenye kiti kile kile. Nahashon alikuwa amesimama karibu na mlango, jasho linamtoka kwa aibu yangu na yake. Bwana Hatem akanitazama kwa muda, akavuta droo, akaitoa barua. Ilikuwa chini ya barua nyengine nyingi, na kona yake imejikunja. Alikuwa ameisahau, na alipoisoma tena nikaiona sura yake, nikaijua, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mie siku ile mbele ya waridi.

"Wiki tatu," akasema, akasaini. "Aende leo."

Nahashon aliondoka alfajiri ya pili yake. Ami Harub ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege, na Thani kakaa kiti cha pembeni, anamtazama baba yake anavyoendesha. Hayo nilisikia baadaye kwa Thani mwenyewe, aliponipigia kuniuliza ile mashine ya namba za siri iko wapi, ndipo nikajua mzee amekwisha kumwambia.

Jumapili ya pili baada ya hapo nikaja ofisini, nikakuta salamu tisini na moja. Nikaanza kuzijibu moja moja. Ilinichukua mpaka saa tano. Bibi mmoja wa Mutrah, kumbe kalazwa. Mtu mmoja kaniuliza kwa nini leo nimemuuliza hali, kuna nini. Maha alikuwa akipitisha macho kwenye saa ya ukutani.

Nilikuwa katikati ya hayo simu ilipolia. Nahashon, kutoka Thika.

"Mama, ni msichana. Amezaliwa jana usiku." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilikuwa ndani. Walinipa nikamshika kabla hata ya nyanya yake. Sasa amelala hapa kifuani, siwezi kusonga."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Uko na kazi nyingi?" akaniuliza. "Nisikuzuie."

"Sina," nikasema. Nikaviweka vidole vyangu mbali na kompyuta. Nikamuuliza presha ya Wambui imeshuka, nikamuuliza yeye mwenyewe amekula kitu toka jana, na nikanyamaza nimsikilize.